Kuku wa Jirani na Kilo 950

Nilikuwa na miezi mitano kazini, mhasibu msaidizi katika kampuni ndogo ya nafaka pale Dodoma. Kwa lugha ya ofisini, "msaidizi" maana yake ni mtu anayebandika vocha kwenye mafaili, anayepeleka hundi benki, na anayetumwa maji ya kunywa wakubwa wakiwa kikaoni. Mhasibu mkuu, kaka mmoja makini sana na mahesabu yake, alikuwa ananiita "dogo". Sikuudhika. Nilikuwa dogo kweli.

Stoo ilikuwa nyuma ya ofisi, na mtunza stoo alikuwa mzee wa makamo ya baba yangu. Nilikuwa nampelekea karatasi za kusaini kila asubuhi. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, kaa kwanza unywe chai." Mara nyingi nilikaa, kwa sababu chai yake ilikuwa na tangawizi na ofisini kwetu hakukuwa na chai ya aina yoyote.

Siku moja katikati ya Julai nilimkuta anajikanda bega. Nikamuuliza kulikoni. Akacheka: "Kuku wa jirani wamenimaliza, mwanangu. Siku tatu nimekaa na fimbo, nikifukuza huku wanaingilia kule. Bega lote limekufa." Nikacheka naye, tukahamia kwenye habari za ligi, nikachukua karatasi zangu nikaondoka. Sikuuliza kuku walikuwa wanafuata nini. Mambo ya kuku hayaingii kwenye leja.

Novemba akaja mteja wa kutaka mahindi yaliyofungwa kwenye mifuko ya kilo 50. Sisi tulikuwa na magunia 400 ya kilo mia mia, yaliyonunuliwa mwanzoni mwa Julai kutoka Kiteto kwa shilingi 700 kwa kilo. Yaliingia kwa lori mbili, magunia 200 kila moja, na mizani yetu ilisoma kilo 40,000. Kwenye vitabu tulikuwa na kilo 40,000 zenye thamani ya shilingi milioni 28. Kwenye kadi ya stoo tulikuwa na magunia 400. Kila mwisho wa mwezi tulikwenda kuhesabu mali, tukapanda juu ya rundo, tukahesabu magunia, yakatimia 400, tukazidisha kwa mia, tukasaini. Agosti hivyo, Septemba hivyo, Oktoba hivyo.

Mteja alitaka mifuko 600, kwa hiyo mzee alifungua magunia 300 na vibarua wakaanza kupima na kushona. Walipomaliza, mifuko ilikuwa 581. Wakahesabu tena, 581. Hiyo ni kilo 29,050 badala ya 30,000. Zimepungua kilo 950, ambazo kwa bei ya kununulia ni shilingi 665,000.

Jambo la kwanza lililofikiriwa lilikuwa mizani. Ikaangaliwa: stika ya Wakala wa Vipimo ilikuwa haijaisha muda, na tulipoweka mfuko mpya wa saruji ilisoma 50 bila wasiwasi. Jambo la pili lililofikiriwa lilikuwa mzee.

Niliingizwa kwenye kile kikao kwa sababu tu ya kuandika kumbukumbu. Alikuwepo mama mwenye kampuni, mhasibu mkuu, mnunuzi wetu ambaye alikuwa mpwa wake mama, na mzee mwenyewe, kofia mkononi. Barua ilikuwa tayari imechapwa. Ilisema hasara itakatwa kwenye mshahara kwa awamu, na sehemu ya sahihi iliachwa wazi. Mzee alisema jambo moja tu: "Mama, mahindi yamekauka." Mhasibu mkuu akajibu kwamba kila mtunza stoo duniani husema mahindi yamekauka. Mpwa akaongeza, macho yakiwa mezani, kwamba mzigo uliponunuliwa ulikuwa mkavu tayari, na tangu siku ulipoingia stoo haujatoka nje.

Haujatoka nje. Nilikuwa naandika sentensi hiyo neno kwa neno wakati kuku waliponirudia. Kama mahindi hayajatoka nje, kuku wa jirani walikuwa wanafuata nini siku tatu? Stoo yetu ina mlango wa chuma na nyavu madirishani, hata panya anahitaji bidii kuingia.

Sikusema kitu. Na hapa niseme wazi kwamba haukuwa ushujaa wa kimyakimya, nilikuwa naogopa. Ukimwambia mama mwenye kampuni, mbele ya mpwa wake, kwamba umesikia habari za kuku miezi minne iliyopita, unategemea akujibu nini? Maneno ya kwenye chai si ushahidi. Lakini yalinipa tarehe ya kutafuta, na kutafuta karatasi ndiyo kazi pekee niliyokuwa naiweza pale.

Jioni nilibaki na faili la vocha za matumizi madogo za Julai. Nilizibandika mwenyewe, nilijua zilipo. Vocha ya katikati ya mwezi ilisomeka "Turubai 2 na vibarua 4, siku 3", jumla shilingi 150,000: 30,000 ya kukodi turubai, na 120,000 ya vibarua kwa 10,000 kwa siku kila mmoja. Niliiingiza kwenye leja chini ya "gharama za stoo" bila kuuliza turubai ni la kazi gani. Siku tatu za kuku na siku tatu za turubai zilikuwa siku zilezile.

Kisha nikaenda kwenye hati za kupokelea mzigo. Fomu yetu ilikuwa na nafasi ya idadi ya magunia, uzito, namba ya gari na sahihi. Unyevu haukuwa na nafasi yake. Lakini pembeni kabisa mwa hati ya lori la kwanza, kwa penseli iliyokwisha kufifia, paliandikwa "u 16.1". Ya pili: "u 15.9". Mwandiko wa mzee.

Asubuhi nilimfuata. Hakuwa na hamu ya kuongea. Nikamwambia nataka kujua habari za kuku. Alinitazama kwa muda, halafu akaniuliza: "Kumbe ulikuwa unasikiliza?" Akanieleza. Lori zilipofika alichoma magunia kwa bambo, kile chuma cha kuchotea punje bila kufungua gunia, akaweka punje kwenye kipima unyevu, ikasoma kumi na sita. Kiwango cha juu cha mahindi ya kuhifadhi na kuuza Afrika Mashariki ni asilimia 13.5. Juu ya hapo yanapata joto ndani ya rundo, yanaota ukungu, na ukungu ndio unaoleta sumukuvu. Akampigia simu mnunuzi. Mnunuzi akamwambia bei inapanda, pokea hivyohivyo, mama asisumbuliwe. Mzee akaona mzigo utaharibikia mikononi mwake, akakodi turubai, akayaanika. Upepo na jua la Dodoma la Julai si mchezo. Kisha akayarudisha kwenye magunia yaleyale 400, akayapanga juu ya chaga yapate hewa, na yakaendelea kukauka taratibu.

Hapo ndipo nilipoelewa tulivyojidanganya miezi mitatu. Gunia lenye kilo 97 linafanana kabisa na gunia lenye kilo 100. Tulinunua kwa kilo, tukatunza kwa magunia, na kila mwisho wa mwezi tukahesabu kile ambacho hakiwezi kupungua.

Nilimuuliza kwa nini hakusema yote haya kikaoni. "Nimtaje mtoto wa dada yake mama mbele yake? Halafu kesho nifanye kazi na nani?"

Sasa hesabu. Jaribio langu la kwanza lilikuwa baya, na karibu limtie mzee hatiani upya. Nilifanya hivi: unyevu ulikuwa 16, sasa tuseme ni 13.5, tofauti ni 2.5, kwa hiyo kila gunia limepoteza kilo mbili na nusu. Magunia 300 ni kilo 750. Zimepungua 950, zinabaki 200 zisizo na maelezo. Yaani magunia mawili mazima.

Nililala na hizo 200 kichwani. Kosa nililiona siku ya pili, nilipoacha kufuata maji na kufuata kile kisichobadilika. Katika gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 16, maji ni kilo 16 na mahindi yenyewe makavu ni kilo 84. Jua halili mahindi, linakula maji tu, kwa hiyo zile 84 zipo palepale. Gunia likifika unyevu wa 13.5, zile kilo 84 sasa ni asilimia 86.5 ya uzito mpya. Ukigawa 84 kwa 0.865 unapata 97.11. Gunia limepoteza kilo 2.89, si 2.5, kwa sababu maji yakipungua uzito wote unapungua, na asilimia inapimwa juu ya huo uzito mdogo. Kwa magunia 300 ni kilo 867.

Lakini ile 13.5 bado ilikuwa ya kukisia. Nikaenda kwa mhasibu mkuu, nikaweka mezani vocha, hati mbili na karatasi yangu. Nilianza na "Samahani kaka, naomba unisahihishe," kwa sababu nilimjua. Alisoma kimya. Halafu akaniuliza swali ambalo mpaka leo nalihesabu kuwa ndilo swali bora nililowahi kuulizwa kazini: "Dogo, unajua mwizi wa stoo anaibaje? Haibi gunia. Anachukua bambo, anachota kilo tatu kila gunia, idadi inabaki ileile. Utatofautishaje?"

Sikuwa na jibu pale pale. Nilipata jibu nikiwa nimeshafika mlangoni, nikarudi. Ukichota mahindi, yanayobaki hayabadiliki: yatakuwa na unyevu uleule yalioingia nao. Ukiyakausha, uzito na unyevu vinashuka pamoja. Kwa hiyo tupime vyote viwili, na tuna bahati, magunia 100 hayajafunguliwa.

Tukapima mchana huo, mama akiwa amesimama mlangoni na mkoba wake begani kama mtu anayepita tu. Tulichagua magunia kumi kutoka juu, katikati na chini ya rundo, maana ya juu hukauka zaidi na ukichagua ya juu tu unajidanganya. Jepesi kuliko yote lilikuwa na kilo 96.4, zito kuliko yote 97.8, wastani 97.1. Mzee akachoma kila moja kwa bambo. Usomaji wa kipima unyevu ulicheza kati ya 13.2 na 13.8, wastani 13.5. Kama angekuwa amechota, kipima kingesoma karibu kumi na sita.

Mhasibu mkuu hakusema neno. Alichukua karatasi yangu, akatoa kalamu, akafuta 97.11 na kuandika 97.1. "Kipima chako hakina usahihi wa kuandika desimali mbili," akasema. Nikajua ameshakubali.

Zilibaki kilo 83, yaani 950 kutoa 867. Kwenye kona ya stoo palikuwa na gunia la mabaki yaliyofagiwa, punje zilizomwagika wakati wa kufungasha pamoja na vumbi. Tukalipima: kilo 52. Zikabaki 31. Mama akaniuliza hizo 31 ziko wapi.

Ningeweza kuzificha. Ilikuwa rahisi sana, ningesema tu kwamba unyevu ulikuwa 16.1 magunia yote, zote zingemezwa. Nilimjibu: "Mama, hizo sijui. Nyingine zililiwa na kuku, nyingine zilitoka kwenye sampuli, lakini siwezi kuzithibitisha." Nikaongeza kwamba hata ile 867 inasimama juu ya namba mbili za penseli. Kama kipima cha Julai kilizidisha nusu asilimia tu, yaani unyevu halisi ulikuwa 15.5, maji yanaeleza kilo 694 badala ya 867. Mhasibu mkuu alinikodolea macho kama mtu anayesema dogo, ulikuwa umeshashinda, unajichimbia nini? Mama akaguna, "Hmm." Hiyo tu.

Kilichomshtua mama hakikuwa mzee wala kuku. Ni nilipomwonyesha upande wa pili wa karatasi. Tulilipa milioni 28 kwa kilo 40,000, lakini baada ya kukauka mzigo wote ulikuwa kama kilo 38,840. Huo ni upotevu wa kawaida, hauandikwi kama hasara ya mtu. Gharama yake inabebwa na kilo zilizobaki. Gawa, unapata shilingi 721 kwa kilo, kabla hata ya turubai na vibarua. Sisi tulikuwa tunapanga bei ya kuuza tukiamini mahindi yametugharimu 700. Zile kilo 31 ndizo zilizostahili kufutwa peke yake kama hasara, kama shilingi 22,000 hivi.

"Kwa hiyo nilinunua maji," akasema mama. Halafu akamgeukia mpwa wake, na mimi nikakumbuka nina kazi ofisini.

Barua ilichanwa. Na ingeleta shida hata kama mzee angesaini, kwa sababu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimruhusu mwajiri kukata mshahara kwa hasara bila kumpa mtu nafasi ya kujieleza, na kusema "mahindi yamekauka" ukiwa umeshika kofia mbele ya barua iliyokwisha kuchapwa sidhani kama ndiyo nafasi yenyewe. Hakuna aliyemwomba mzee radhi kwa maneno. Mama alimtumia unga kilo 25 wakati wa Krismasi, na mzee, ambaye ni Mwislamu, aliupokea na kucheka wiki nzima.

Mimi nilipewa kazi ya kubadilisha fomu ya kupokelea mzigo. Niliongeza nafasi mbili, unyevu na sahihi ya aliyepima, na kwenye kadi ya stoo nikaweka safu ya kilo kando ya safu ya magunia. Kila mwisho wa mwezi sasa tunapima magunia kumi badala ya kuhesabu 400 na kwenda kula. Mhasibu mkuu aliendelea kuniita dogo, ila alianza kunipa taarifa zake nizisome kabla hajazipeleka kwa mama.

Mzee naye alibadilika kwangu, polepole. Mwanzoni alikuwa ananikwepa, nadhani kwa sababu nilikuwa nimeona karatasi zake. Kisha Februari alinionyesha daftari lake la siri, la miaka mitano, lenye unyevu wa kila lori lililowahi kuingia na jina la aliyemwambia "pokea hivyohivyo". Kila mstari kwa penseli. Nikamuuliza kwa nini penseli. "Wino unamtia mtu kesini, mwanangu. Penseli inaweza kufutika yenyewe."

Juni iliyofuata nilikuwa kwenye daladala, saa kumi na mbili asubuhi, simu ikaita.

"Mwanangu, lori la kwanza la Kiteto limefika. Kumi na tano nukta mbili."

"Umepokea?"

"Nimeligeuza pembeni, dereva amenuna. Nimeshaandika kwenye fomu, namsubiri mama." Akanyamaza kidogo, nikasikia kuku kwa mbali. "Nimeandika kwa wino."